Riba ya Benki Kuu: safari yake kutoka usiku mmoja hadi kwenye mkopo na kwenye bei

(Hotuba niliyoitoa kwenye mkutano mkuu wa wanachama wa chama chetu cha kuweka na kukopa. Naiweka hapa nzima kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha za ukutani nimeziacha, maneno yanatosha.)

Mwenyekiti, wajumbe wa bodi, wanachama wenzangu. Wakubwa shikamooni, na wengine wote habari za mchana.

Nianze kwa kuuliza. Nani humu ukumbini amewahi kukopa kwa riba ile inayotangazwa na Benki Kuu? Anyooshe mkono.

Sioni hata mmoja. Na mwakani mkiniita tena nitauliza hivi hivi, na bado sitaona. Riba ile si yako wala si yangu, si ya mfanyabiashara, si ya kampuni. Hata chama chetu hiki hakikopi kwa riba ile. Sasa, kama hakuna anayekopa kwayo, mbona Kamati ya Sera ya Fedha ikikutana nchi nzima inasubiri tangazo? Mbona ikipanda, marejesho yenu yanapanda? Na mbona wakati mwingine inashuka, nanyi mnakaa miezi mkingojea nafuu isiyofika?

Nimefanya kazi miaka mingi kwenye dawati la fedha la benki ya biashara, kule nyuma ambako wateja hawafiki. Kwa hiyo nitawapeleka huko kwanza, maana riba hii inazaliwa huko.

Kila benki ya biashara ina akaunti yake Benki Kuu. Wewe ukimlipa mtu mwenye akaunti katika benki nyingine, unaona ujumbe kwenye simu na mambo yamekwisha. Lakini nyuma yako, benki yako inadaiwa na benki yake, na deni hilo linalipwa kwa kuhamisha tarakimu kutoka akaunti moja kwenda nyingine ndani ya vitabu vya Benki Kuu. Malipo ya namna hiyo ni maelfu kwa maelfu kila siku. Jioni inapofika, benki moja imepungukiwa na nyingine imebaki na ziada.

Chukueni jioni moja ya mwisho wa robo mwaka. Mteja mkubwa wa benki yetu amelipa kodi yake, bilioni 4. Fedha za kodi zinakwenda kwenye akaunti ya serikali, na akaunti ya serikali ipo Benki Kuu. Maana yake zimetoka kabisa kwenye mzunguko wa benki za biashara. Sisi sasa tumepungukiwa bilioni 4 na saa za kufunga zimekaribia. Nanyanyua simu, namuuliza mwenzangu wa benki ya pili, "Una ziada?" Ananijibu anayo. Tunakubaliana: ananikopesha bilioni 4 leo, namrudishia kesho asubuhi. Kwa riba gani? Kwa riba iliyo jirani na ile ya Benki Kuu.

Kama riba ni asilimia 6 kwa mwaka, usiku mmoja wa bilioni 4 unanigharimu kama 657,000. Ikiwa asilimia 9, ni kama 986,000. Tofauti ni laki tatu na kitu, kwa benki yenye mabilioni! Je, laki tatu zinaweza kuitikisa nchi?

Kwa usiku mmoja, hapana. Lakini fikirini anavyofikiri yule mwenzangu mwenye ziada. Ana bilioni 4 mkononi. Anaweza kumkopesha mteja kwa mwaka mzima, au anaweza kuzilaza usiku baada ya usiku kwa benki zenzake au Benki Kuu kwenyewe, bila hatari kubwa ya kutolipwa. Kama kuzilaza hivyo kunampa asilimia 9 kwa mwaka, kwa nini amkopeshe mteja kwa asilimia 9, wakati mteja anaweza kufilisika? Lazima adai zaidi. Hapo ndipo ilipo nguvu ya riba ya Benki Kuu. Haimwamuru mtu yeyote. Inaweka kiwango ambacho chini yake hakuna benki yenye akili itakayokubali kuachia fedha zake.

Na angalieni, nimesema mwaka mzima. Mkopeshaji hatazami riba ya leo tu. Anajiuliza riba ya usiku mmoja itakuwa ngapi mwezi ujao, na miezi sita ijayo, na kuendelea. Kwa hiyo hata neno la gavana kuhusu mkutano ujao linaweza kusogeza riba za mikopo kabla kiwango chenyewe hakijaguswa. Nitalirudia jambo hili baadaye, kwa sababu hapo ndipo nchi moja ilipoumia vibaya.

Mtaniuliza: Benki Kuu inahakikishaje kwamba sisi wa madawatini tunaifuata? Inafungua milango miwili. Mlango wa chini ni wa kupokea: benki yenye ziada inaweza kuiweka Benki Kuu usiku na kulipwa. Mlango wa juu ni wa kukopesha: benki iliyopungukiwa inaweza kukopa huko, mradi ina dhamana inayokubalika, kama hatifungani za serikali. Benki Kuu ya Ulaya, kwa mfano, kuanzia Septemba 2023 ilikuwa inalipa asilimia 4 kwa fedha zinazolazwa kwake, na inatoza asilimia 4.75 kwa mkopo wa usiku mmoja. Katikati kulikuwa na asilimia 4.5 ya mikopo yake ya kawaida ya wiki. Nani atakubali kumkopesha mwenzake kwa asilimia 3, wakati mlango wa Benki Kuu unamlipa 4? Na nani mwenye dhamana atakubali kutozwa 6, wakati mlango wa pili unatoza 4.75? Hakuna. Kwa hiyo riba ya soko inabanwa katikati.

Fedha zikiwa nyingi sana kwenye mfumo, riba ya soko inalala karibu na mlango wa chini. Zikiwa haba, inapanda kuelekea mlango wa juu. Kila siku Benki Kuu inatazama na kurekebisha: inauza hatifungani ili kufyonza ziada, au inakopesha dhidi ya dhamana ili kuongeza ukwasi, yaani fedha zilizo tayari kutumika.

Hapa nina kidokezo ambacho watu wengi hawakijui. Ukitaka kujua kama riba iliyotangazwa inafanya kazi, linganisha na wastani wa riba ambayo benki zinakopeshana usiku huo. Benki kuu nyingi zinaichapisha kila siku. Zikiwa karibu, mtambo unafanya kazi. Ukiona riba ya Benki Kuu ni 10 na soko linakopeshana kwa 4, wiki baada ya wiki, jua kwamba fedha zimefurika na hazijafyonzwa, na tangazo lile ni la kwenye karatasi tu. Au kinyume chake: benki ndogo zinatozwa juu sana na kubwa zinatozwa kidogo, maana haziaminiani. Hapo kamati inaweza kupandisha na kushusha itakavyo, ujumbe hautafika kwa mkopaji.

Sasa tutoke dawatini, twende kwenye mkopo wako.

Riba unayotozwa ina vipande. Kuna gharama ya benki kupata fedha, na hapo ndipo riba ya Benki Kuu inapoingia. Kuna gharama za kuendesha benki. Kuna kinga ya hatari, yaani fidia ya wale watakaoshindwa kulipa. Kuna faida. Riba ya Benki Kuu ikishuka kwa pointi moja, kipande cha kwanza peke yake ndicho kinachoguswa moja kwa moja. Na mara nyingi hata hicho hakishuki mara moja, kwa sababu benki bado inawalipa wenye amana za mwaka mmoja kwa bei ya zamani. Amana zile zilifungwa riba ikiwa juu. Mpaka ziive, benki inazilipia.

Je, benki nazo hazichelewi makusudi? Zinachelewa, tusidanganyane! Riba ikipanda, barua ya kukupandishia marejesho hufika haraka. Ikishuka, barua hutembea kwa miguu. Kwa mwenye akiba ni kinyume: riba ikipanda, nyongeza yake ndiyo inayochelewa. Mahali ambapo benki chache zimeshika soko lote, uchelewaji huu unakuwa mrefu zaidi, kwa sababu mteja hana pa kukimbilia.

Lakini swali kubwa zaidi ni hili: riba ikipanda, nani anaumia? Watu hudhani wote wanaumia sawa. Hapana. Nilifanya hesabu hii mbele ya wafanyakazi wapya kila nilipowafundisha, na kila mara wanashangaa. Nifuateni taratibu.

Tuchukue mkopo wa milioni 10, na riba imepanda kutoka asilimia 12 hadi 15.

Mfanyabiashara anayenunua bidhaa na kuziuza ndani ya miezi mitatu alikuwa arudishe milioni 10 na 300,000. Sasa atarudisha milioni 10 na 375,000. Mzigo wake wote umeongezeka kwa chini ya asilimia moja. Ataguna, lakini mkopo ataendelea kuchukua.

Mwenye mkopo wa miaka mitano, anayelipa kila mwezi kiasi kile kile, alikuwa analipa kama 222,400. Sasa ni 237,900. Ongezeko la asilimia 7.

Mwenye mkopo wa nyumba wa miaka 20 alikuwa analipa kama 110,100 kwa mwezi. Sasa ni 131,700. Ongezeko la karibu asilimia 20!

Mnaona? Riba ni ile ile, imepanda kwa pointi zile zile tatu. Mmoja imempapasa, mwingine imembana, wa tatu imemlaza chini. Kadiri mkopo unavyokuwa mrefu, ndivyo riba inavyokuwa sehemu kubwa ya marejesho. Ndiyo maana Benki Kuu ikikaza, wa kwanza kunyamaza ni wajenzi, wauza magari, wauza mitambo ya viwanda. Mwenye duka la rejareja anaendelea kuuza.

Igeuzeni hesabu hiyo upande wa pili. Mtu ambaye mshahara wake unamruhusu kulipa 110,100 kwa mwezi alikuwa anaweza kukopa milioni 10 kwa miaka 20. Riba ikiwa 15, malipo yale yale yanampa milioni 8.36 tu. Fedha za kumpa muuza nyumba zimepungua kwa zaidi ya milioni moja na nusu, na hakuna aliyempunguzia mshahara. Wanunuzi wote wakiwa hivyo, muuza nyumba atafanyaje? Angoje, au ashushe. Hapo riba imeanza kugusa bei.

Tahadhari moja kabla sijaendelea. Hesabu hii inamhusu mwenye mkopo ambao riba yake inabadilika, au anayekopa leo. Mwenye riba iliyofungwa haguswi mpaka muda wake uishe. Uingereza ilitoka asilimia 0.1 mwishoni mwa 2021 ikafika 5.25 Agosti 2023, na bado wenye nyumba wengi hawakusikia kitu siku hiyo, kwa kuwa mikopo yao ilikuwa imefungwa kwa miaka miwili au mitano. Waliisikia siku mkataba ulipokwisha, mmoja mmoja. Kwa hiyo ukiambiwa "riba imepandishwa na hakuna kilichotokea", uliza kwanza mikopo ya nchi hiyo imefungwa kwa muda gani.

Wanachama wenzangu, tuje kwenye bei zenyewe. Hapa nawapeleka Marekani, mwaka 1979.

Bei zilikuwa zinapanda kwa zaidi ya asilimia 11 kwa mwaka. Kwa miaka ya nyuma benki kuu yao ilikuwa na tabia moja: mfumuko wa bei ukizidi, inapandisha riba, watu wakianza kupoteza kazi, inashusha kabla bei hazijatulia. Watu wakajifunza. Mfanyakazi anadai nyongeza kubwa kwa sababu anajua bei zitapanda. Mwajiri anampa kwa sababu anajua naye atapandisha bei. Kila mmoja anatabiri mfumuko, na utabiri wao ndio unaouleta.

Agosti 1979 Paul Volcker akawa mwenyekiti wa benki kuu hiyo. Tarehe 6 Oktoba, siku ya Jumamosi, akatangaza kwamba wanabadili utaratibu. Kwa haki ya historia, niseme kwamba hakutangaza kiwango cha riba. Alisema watadhibiti kiasi cha fedha na riba ya usiku mmoja itakwenda itakakokwenda. Ilikwenda! Aprili 1980 ilikuwa zaidi ya asilimia 17.

Kisha uchumi ukaporomoka, riba ikaachwa ishuke, na Julai mwaka ule ule ilikuwa karibu 9. Watu wakasema, tuliwaambia, hawa hawana ubavu. Kuanzia hapo kazi ikawa ngumu maradufu, maana ilibidi kuanza upya mbele ya watu waliokwisha kuacha kuamini. Mwanzoni mwa 1981 riba ilikuwa imevuka 19. Mikopo ya nyumba ilivuka asilimia 18 mwaka huo. Wajenzi wakakatakata mbao wasizokuwa na pa kuzitumia, wakaziandika malalamiko yao na kuzituma kwa posta benki kuu. Wakulima wakaendesha matrekta mpaka makao makuu ya benki hiyo Washington. Mwishoni mwa 1982 watu karibu 11 katika kila 100 wa nguvu kazi hawakuwa na kazi.

Na bei? Mfumuko uliofika zaidi ya asilimia 14 mwaka 1980 ulikuwa chini ya 4 mwisho wa 1982.

Nataka mlitazame jambo hili bila kulipamba. Riba haikugusa bei kwa mkono wake. Ilipita kwa mjenzi aliyekosa mteja, kwa kiwanda kilichokosa oda, kwa mfanyakazi ambaye mwaka ule hakuthubutu kudai nyongeza kwa sababu aliona mwenzake amesimamishwa. Ununuzi ukapungua mpaka muuzaji akaogopa kupandisha bei. Nani alilipa gharama? Si wale waliokuwa na fedha benki, hao walivuna. Walilipa waliokuwa na madeni na waliokuwa na kazi dhaifu. Mimi binafsi naamini hatua ile ilihitajika. Lakini sikubaliani na wachumi wanaoisimulia kana kwamba haikuwa na majeruhi, na naamini kile kiangazi cha 1980 walichorudi nyuma kiliwaongezea majeruhi hao.

Na muda? Kutoka Oktoba 1979 mpaka bei kutulia ni miaka mitatu. Huo ndio mwendo wa riba. Mkopo wa zamani lazima uishe, mkataba wa mshahara lazima ufike tarehe yake, bohari lazima lipungue. Benki kuu nyingi huhesabu mwaka mmoja hadi miwili kabla uamuzi wa leo haujaonekana vizuri kwenye bei. Kwa hiyo anayesema "wamepandisha riba mwezi uliopita na bei bado ziko juu, riba haifanyi kazi" anaupima mti aliopanda jana.

Niliahidi kurudi kwenye suala la watu kutazamia riba ya kesho, yaani suala la imani. Twende Uturuki.

Septemba 2021 riba ya benki kuu ya Uturuki ilikuwa asilimia 19, na mfumuko wa bei ulikuwa 19 na nusu hivi. Rais Erdoğan alishikilia kwamba riba kubwa ndiyo inayoleta mfumuko. Hoja hiyo ina mvuto, msiicheke haraka: mwenye kiwanda anayelipa riba kubwa, si ataipakia kwenye bei? Ataipakia, ndiyo. Lakini hiyo ni njia nyembamba. Njia pana ni ile ya ununuzi na ya thamani ya sarafu. Riba ikaanza kushushwa: 18, 16, 15, na Desemba 14.

Kilichofuata kilienda haraka, tofauti kabisa na Marekani. Kwa nini haraka? Kwa sababu sarafu haingoji mkataba wa mshahara. Mwenye akiba ya lira akajiuliza: nilipwe 14 huku bei zinapanda 19, na najua wataendelea kushusha? Akanunua dola. Na jirani yake akanunua. Mwanzoni mwa Septemba dola moja ilikuwa lira 8 na kitu. Tarehe 20 Desemba ilivuka 18, kabla serikali haijatangaza usiku huo mpango wa kuwafidia wenye amana za lira dhidi ya kuporomoka kwa sarafu. Mafuta, mashine, malighafi, vyote vinanunuliwa kwa dola. Desemba hiyo mfumuko ulifika asilimia 36.

Sasa fanyeni hesabu ya mkopaji. Amekopa 100 kwa asilimia 20. Mwaka ukiisha anadaiwa 120. Lakini bidhaa aliyonunua kwa 100 sasa inauzwa 136. Amekopa, na amepata 16 kwa kukopa tu! Je, mtu huyo ataacha kukopa? Atarudi kesho na rafiki zake. Ndiyo maana riba haipimwi kwa ukubwa wa tarakimu yake. Toa mfumuko wa bei kwanza. Asilimia 14 penye mfumuko wa 36 ni fedha za bure, na zaidi ya bure. Asilimia 6 penye mfumuko wa 2 inabana kweli kweli.

Oktoba 2022 mfumuko wa Uturuki ulizidi 85. Haukuwa wa riba peke yake, vita vya Ukraine vilikuwa vimepandisha nishati na nafaka duniani kote. Lakini nchi nyingi zilipigwa na bei hizo hizo na hazikufika huko. Riba ilishushwa hadi 8.5 mapema 2023. Kisha Juni, baada ya uchaguzi, mkondo ukageuzwa: 15, na kuendelea kupanda mpaka 50 Machi 2024. Na hata hapo mfumuko uliendelea kupanda miezi miwili zaidi, ukafika 75 Mei, ndipo ukaanza kushuka. Desemba ulikuwa 44. Imani iliyopotea ndani ya miezi minne iligharimu riba ya asilimia 50, na miaka.

Yapo pia mambo ambayo riba haiyawezi kabisa. Ukame ukipandisha bei ya chakula, hakuna kamati itakayoleta mvua kwa kupandisha riba. Mafuta yakipanda duniani, riba ya hapa haichimbi kisima. Katika hali hiyo benki kuu yenye busara huangalia kitu kimoja: je, kupanda huko kumebaki kwenye chakula na mafuta, au kumeanza kuhamia kwenye nauli, kodi za nyumba, ada, mishahara? Ndiyo maana wanachapisha mfumuko wa aina mbili, wa jumla na ule ulioondolewa chakula na nishati. Wa jumla ukipanda na wa pili ukatulia, mara nyingi wanasubiri. Wa pili ukianza kupanda, wanakaza, hata kama chanzo kilikuwa ukame.

Na riba haimfikii asiyekuwa ndani ya mfumo. Anayekopa kwa mtu binafsi kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi hasikii pointi moja ya kamati. Mwenye deni la dola anaisikia riba ya Marekani kuliko ya nchi yake. Na serikali ikikopa sana kwa riba nzuri, benki inanunua hatifungani za serikali na kumwacha mjasiriamali mlangoni, riba ya Benki Kuu iwe imeshuka au la.

Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo nimalizie kwa swali ambalo mwanachama mmoja alinipa kwa maandishi kabla hatujaanza. Anauliza: "Kamati ikitangaza riba imebaki palepale, nisome nini kwenye taarifa yao?"

Soma sababu kabla ya tarakimu. Wakisema mfumuko uliopo unatoka kwenye chakula na wanatarajia mavuno, usitegemee wapandishe karibuni. Wakianza kutaja kwamba watu wanatarajia bei kubwa zaidi, au kwamba sarafu imedhoofika, jua mkutano ujao unaweza kuwa na habari. Halafu tafuta riba ya benki kwa benki ya wiki hiyo, uone kama imekaa jirani na yao. Halafu fungua mkataba wako wa mkopo, utafute aya inayosema riba inabadilika lini na kwa kufuata kitu gani. Wengi wenu hamjaisoma; naona mnavyocheka. Kama aya hiyo inaitaja riba ya Benki Kuu, punguzo lao ni haki yako kwa tarehe iliyoandikwa. Kama inasema "benki itarekebisha kwa hiari yake", punguzo hilo utalipata siku utakapokwenda kulidai, ukiwa na barua ya benki nyingine mkononi.

Nawakaribisha kwa maswali.